Kazi za seva zilizonyamaza: kutafuta tatizo katika kikao cha Jumatatu

Tuko watu wanne hapa Malindi, na tunatunza seva moja ya chama cha wavuvi na wanunuzi wa samaki. Usiku seva hiyo hufanya kazi 17 za ratiba: inakusanya mizani ya madiko matatu (Mayungu, Mambrui na Ngomeni), inatengeneza bekapu, inaandaa malipo ya makarani, inatuma bei za asubuhi kwa wanachama, na nyinginezo ndogondogo. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi tunakaa kwa dakika arobaini, tunasoma historia ya wiki nzima, kisha tunaamua kazi ipi iachwe, ipi ichunguzwe na nani, na ipi izimwe kabisa.

Kazi inayoanguka kwa kishindo haitusumbui. Inaandika kosa, mtu anapigiwa simu, inatengenezwa. Inayotuumiza ni kazi kimya, ile isiyolalamika na isiyoleta kitu, ambayo kila mmoja anadhani mwenzake anaijua. Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kama zinavyojitokeza mezani siku hiyo ya Jumatatu. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo tunachokutana nacho mara nyingi. Seva yetu inatumia Linux na ratiba zake ni za `systemd`. Kwa wanaotumia `cron` nimeongeza neno panapohusika.

Kabla ya yote: anzeni na orodha, si na historia

Miezi ya mwanzo tulikuwa tunafungua historia na kuisoma toka juu hadi chini. Ni kosa, na lilitugharimu. Historia huandika yaliyotokea tu. Kazi isiyoanza haiachi hata mstari mmoja, kwa hiyo ukisoma historia peke yake huwezi kuiona, hata ukiisoma mara mia.

Sasa tuna karatasi iliyobandikwa ukutani yenye majina yote 17. Kila jina lina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu mmoja, si "sisi sote". Mbele yake pameandikwa kimya cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Bekapu ya kila usiku inaruhusiwa saa 26, yaani siku moja na saa mbili za nafasi. Kazi ya malipo ya mwezi inaruhusiwa siku 32. Mwishoni pana dalili ya uzima, nayo ni kitu unachoweza kukiona kwa macho bila kuuliza historia: ukubwa wa faili, tarehe ya safu ya mwisho katika hifadhidata, au ujumbe uliofika kwenye simu.

Mmoja anasoma jina kwenye karatasi, mwingine anatafuta katika historia. Jina lisilopatikana linatiwa duara. Baada ya hapo ndipo dalili zinaanza.

Dalili ya kwanza: jina lipo ukutani, historia haina chochote

Angalia kwanza kama ratiba yenyewe iko hai:

```
systemctl list-timers --all
systemctl is-enabled bekapu.timer
```

Chanzo cha mara nyingi ni ratiba iliyoanzishwa lakini haikusajiliwa. Mtu aliandika `start` akasahau `enable`. Kazi ikaenda vizuri wiki tatu, umeme ukakatika, seva ikawaka upya, na ratiba haikurudi. Amri ya kwanza hapo juu huenda isiitaje kabisa, na ndiyo maana ya amri ya pili. Ikijibu `disabled`, tengeneza hivi:

```
systemctl enable --now bekapu.timer
```

Chanzo cha pili ni seva kuwa imezimika saa ile ile ya kazi. Kwa kawaida ratiba iliyopitwa na wakati wake haifidiwi, inasubiri zamu ya kesho. Kwa kazi zinazovumilia kuchelewa, kama bekapu, tia `Persistent=true` katika sehemu ya `[Timer]`, nayo itaanza mara seva itakapoamka. Usiitie kwenye kazi ya kutuma bei za asubuhi. Bei ya saa kumi na mbili ikimfikia mvuvi saa saba mchana, samaki wameshauzwa, na bora asingeipata.

Tahadhari moja kuhusu safu ya `LAST` katika orodha hiyo: kwa ratiba isiyo na `Persistent=true`, kumbukumbu ya mara ya mwisho hufutika seva inapowaka upya. Ukikuta kistari pale, usikimbilie kusema kazi haijawahi kufanyika. Tazama seva imekaa hai kwa muda gani kwa `uptime`, ndipo uamue.

Chanzo cha tatu ni nadra lakini kinachosha: historia yenyewe imepotea. Katika mashine nyingine kumbukumbu za `journald` hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, na umeme ukikatika zinakwenda nazo. Ukiandika `journalctl --list-boots` ukaona mstari mmoja pekee, na unajua seva imewaka mara tano mwezi huu, basi ndiyo hiyo. Tengeneza saraka ya `/var/log/journal` kisha uwashe upya huduma ya `systemd-journald`. Yaliyokwisha kupotea hayarudi, kwa hiyo wiki hiyo mtahukumu kwa dalili za uzima peke yake.

Wa `cron` watazame pia alama ya `%`. Ndani ya `crontab` alama hiyo inageuzwa kuwa mstari mpya, na amri iliyokuwa sawa ulipoijaribu kwa mkono, mfano ile yenye `date +%F`, inakatika katikati. Iandike `\%`.

Dalili ya pili: kazi imeanza, haijamaliza, na haijaanguka

Katika historia utaona mstari wa kuanza wa tarehe 4, halafu kimya mpaka leo tarehe 15. Hakuna kosa. Wala hakuna mizunguko mipya ya usiku uliofuata, na hilo ndilo linalowachanganya watu.

Mara nyingi kazi imeganda ikisubiri mtandao. Iliomba data kwa seva nyingine, laini ikakatika katikati ya jibu, na skripti haikuwekewa muda wa kukata tamaa. Huduma za aina ya `oneshot` katika `systemd`, ambazo ndizo zinazotumika kwa kazi za ratiba, hazina kikomo cha muda mpaka umeandika mwenyewe. Na maadamu mzunguko wa kwanza haujaisha, ratiba haianzishi wa pili. Kazi moja iliyoganda usiku mmoja inaweza kuziba wiki mbili bila kutoa sauti.

Kaguzi ni rahisi:

```
systemctl list-units --state=activating
```

Kazi ya dakika mbili ikionekana humo saa tatu asubuhi, imeganda. Kabla ya kuiua, jiulize inafanya nini. Kama inasoma tu, isimamishe kwa `systemctl stop` kisha uianzishe upya. Kama inatuma pesa au ujumbe, usiiguse, nenda kwanza kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Tiba ya kudumu ni mstari mmoja katika `[Service]`. Chukua muda mrefu zaidi ambao kazi imewahi kutumia kwa halali, uuzidishe mara tatu hivi. Ya kwetu ya mizani ilikuwa haizidi dakika sita, tukaandika:

```
TimeoutStartSec=20min
```

Baada ya hapo `systemctl daemon-reload`. Kazi ikiganda tena itauawa na kuandikwa kuwa imeanguka, na kazi iliyoanguka inaonekana.

Dalili ya tatu: historia yote ni kijani, lakini hakuna kitu ndani

Hii ndiyo iliyotufundisha kukaa kikao. Nitaieleza kwa urefu.

Bekapu ya hifadhidata yetu ilikuwa inafanywa na mstari huu:

```
pg_dump samaki | gzip > /bekapu/samaki-$(date +%F).sql.gz
```

Mwenzetu mmoja alibadilisha nywila ya hifadhidata siku ya Alhamisi, kwa sababu nzuri kabisa: karani aliyeijua alikuwa ameacha kazi. Hakukumbuka kwamba bekapu nayo inaitumia. Kuanzia usiku ule `pg_dump` ilikataliwa kuingia. Lakini katika mfuatano wa amri mbili zilizounganishwa kwa `|`, namba ya kutokea inayohesabiwa ni ya amri ya mwisho. `gzip` ilipokea kitu kitupu, ikakibana vizuri, ikatoka na 0. Kwa `systemd`, 0 ni ushindi. Historia ikaandika kwamba kazi imefanikiwa, usiku baada ya usiku.

Jumatatu ya kwanza tuliangalia rangi, tukapita. Jumatatu ya pili mmoja wetu akauliza mbona bekapu imekuwa ikiisha kwa chini ya sekunde moja, na zamani ilikuwa ikichukua dakika tatu. Tukafungua saraka. Faili 11 za mwisho zilikuwa na baiti 20 kila moja. Baiti 20 ndiyo saizi ya faili ya `gzip` isiyo na kitu ndani, kichwa na mkia bila kiwiliwili, na ukiijaribu kwa `gzip -t` itakujibu kuwa ni nzima, kwa sababu kweli ni nzima, ila ni tupu. Skripti yetu huacha faili 14 za mwisho na kufuta zilizozidi. Zilikuwa zimebaki tatu zenye data. Tungechelewa siku tatu zaidi, tusingekuwa na bekapu hata moja, na tungekuwa na historia ya kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo, mkiona kijani na mna shaka, fuateni mpangilio huu.

Anza na muda. Linganisha sekunde za mzunguko huu na za mwezi uliopita. Kazi ya dakika tatu inayoisha kufumba na kufumbua haikufanya kazi.

Halafu ukubwa, kwa `ls -l` tu. Kisha ndani. Kwa bekapu ya maandishi ya PostgreSQL, mwisho wa faili lazima kuwe na maneno `PostgreSQL database dump complete`:

```
zcat /bekapu/samaki-$(date +%F).sql.gz | tail -n 10
```

Maneno hayo yasipokuwepo, bekapu ilikatika njiani, hata kama faili ni kubwa.

Mwisho soma logi yenyewe, si rangi yake: `journalctl -u bekapu.service --since "7 days ago"`. Katika kisa chetu kosa la nywila lilikuwa limeandikwa pale kila usiku, wazi kabisa. Hakuna aliyefungua kwa sababu kijani hakiiti mtu.

Sababu za kijani cha uongo, kwa jinsi tunavyozikuta: kwanza ni huo mfuatano wa `|`. Tiba yake ni kuandika juu ya skripti:

```
#!/bin/bash
set -e -o pipefail
```

Mstari wa kwanza msiudharau. `sh` ya Debian na Ubuntu si `bash`, na matoleo yake ya zamani hayaielewi `pipefail`. Sababu inayofuata ni skripti iliyoandikwa `|| true` mahali ambapo mtu alichoka na kosa fulani akalizima, na akaliziba la kesho pamoja na la jana. Tafuta `|| true` katika skripti zote, na kila uliyoiona mwenyewe wake aeleze kwa maneno kwa nini ipo. Tulikuwa nazo tisa, tukabaki na mbili. Ya mwisho ni diski iliyojaa, ambayo mara nyingine huacha faili nusu. `df -h` itakuambia.

Tiba ya ndani zaidi ni skripti kujihukumu. Yetu sasa, ikishatengeneza faili, inapima ukubwa, na ikiwa chini ya nusu ya ya jana inatoka na 1. Na mara moja kwa mwezi tunairudisha bekapu kwenye hifadhidata ya majaribio na kuhesabu safu. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa hatuiandiki kuwa nzima.

Dalili ya nne: sifuri kila siku, na kila mtu ana sababu ya kuiamini

Kazi ya mizani inasoma fomu ambazo makarani wa madiko hujaza kwa simu. Kusi ikivuma, bahari inachafuka na vyombo vidogo vinabaki nchi kavu, hasa Juni hadi Agosti. Siku ya sifuri ni siku ya kawaida. Hapo ndipo kazi mbovu hujificha vizuri kuliko mahali pengine popote, kwa sababu matokeo yake yanafanana na ukweli.

Julai tulikuwa na wiki mbili na nusu ambazo Ngomeni ilileta sifuri. Jumatatu mbili mfululizo tulisema "kusi hiyo" na kugeuza ukurasa. Jumatatu ya tatu tukaziweka namba za madiko matatu pamoja: Mayungu ilikuwa na safu kati ya mbili na tano kwa siku, Mambrui kati ya sifuri na nne, zikipanda na kushuka. Ngomeni sifuri, sifuri, sifuri, siku 18, bila kutikisika. Tena Ngomeni ina hori, na watu huendelea kuvua humo hata nje kukichafuka. Upepo haufanyi kazi namna hiyo. Kusi hupunguza, haikati kwa kisu.

Tukampigia karani wa pale, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama. Kazi zaendaje huko?"

"Marahaba mwanangu. Kazi yenda, samaki si wengi lakini wapo."

"Mbona kwetu hatuoni kitu tangu mwanzo wa mwezi?"

"Mie naandika kila siku. Hata jana nimeandika changu na tafi, kilo ishirini na mbili. Nyinyi hamzioni?"

Alikuwa amebadilisha simu. Simu mpya humalizia neno yenyewe, na kila ikimalizia inaongeza nafasi mwishoni. Kwa hiyo diko lilikuwa linaingia kama `"Ngomeni "` badala ya `"Ngomeni"`. Skripti ilikuwa inachagua safu zenye jina kamili, ikazikosa zote, na kukosa kitu si kosa. Mama alikuwa ameandika siku zote 18 kwa uaminifu, na sisi tulikuwa tumezitupa.

Mkikuta sifuri inayojirudia, msianze na skripti. Anzeni na simu kwa aliye karibu na jambo lenyewe. Dakika moja ya maongezi ilituambia kilichokuwa kimetushinda wiki mbili. Akisema kweli hakuna, basi hakuna, andikeni hivyo pamoja na jina la aliyesema. Akisema kipo, shukeni kwa ngazi: je, data yake imefika kwenye fomu? Imefika kwenye faili ghafi? Imepotea katika uchujaji? Pale safu zinapoacha kuonekana ndipo pa kutengeneza.

Sababu tunazozikuta kwa wingi ni jina lililobadilika (nafasi, herufi kubwa, tahajia), kisha safu wima iliyohamishwa kwenye fomu, na kwa nadra ruhusa ya kusoma iliyoisha muda.

Tiba ilikuwa ya aina mbili. Kwanza skripti inakata nafasi za pembeni kabla ya kulinganisha. Pili, na hii ndiyo iliyobadilisha vikao vyetu, kila mzunguko sasa unaandika namba tatu: safu zilizosomwa, zilizohifadhiwa, zilizotupwa. Kusi ya kweli huandika `0 0 0`, au karani akijaza sifuri kwa mkono, `1 1 0`. Kisa cha Ngomeni kingeandika `4 0 4`. Tofauti hiyo unaiona kwa jicho moja. Tumewaomba makarani pia wajaze fomu hata siku ambayo chombo hakikutoka, na kuandika 0. Sifuri iliyoandikwa na mtu na nafasi iliyoachwa tupu ni habari mbili tofauti.

Na mnapolinganisha, msilinganishe na wiki iliyopita peke yake. Linganisheni na wiki kama hiyo mwaka uliotangulia. Julai na Januari hazina mazungumzo.

Dalili ya tano: kazi inafanyika, lakini si kwa wakati wake

Hii ni yetu sisi wa saa za Kiswahili. Mtu anaambiwa "ripoti itoke saa mbili", anaandika katika `crontab`:

```
0 2 * * *
```

Alikusudia saa mbili asubuhi. Mashine inasoma saa nane usiku. Historia ni kijani, ripoti inatoka, ila inahesabu siku ambayo mizani ya mwisho haijaingia, na kila asubuhi namba zinakuwa pungufu kidogo. Asubuhi ya saa mbili kwa mashine ni 8, na ya jioni ni 20.

Juu ya hilo, seva nyingi za kukodi huwekwa `UTC`, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Hapo `0 2` inakuwa saa kumi na moja alfajiri kwetu. Angalia kwa `timedatectl`. Kwa `systemd` unaweza kutaja eneo ndani ya ratiba yenyewe, na kisha kuuliza itaanza lini hasa:

```
systemd-analyze calendar "*-*-* 06:30:00 Africa/Nairobi"
```

Karatasi yetu ya ukutani sasa ina saa mbili kwa kila kazi, ya Kiswahili na ya mashine, bega kwa bega. Kazi mpya haiingii bila zote mbili.

Dalili ya sita: kikao kinafanyika, lakini duara zile zile zinarudi

Kama jina moja limetiwa duara Jumatatu tatu, tatizo limehama kutoka kwenye seva. Mara nyingi halina mwenyewe, au mwenyewe amehama. Mpeni mtu mmoja, na siku. Ikikosekana anayeitaka, uliza nani ataumia ikizimwa. Tulizima kazi nne kwa njia hiyo, mojawapo ikituma ripoti kwa anwani ya barua pepe isiyokuwepo tena. Tunazizima kwanza kwa wiki nne bila kufuta faili, ndipo tunafuta.

Wengi watashauri mashine ijikague. Fanyeni, ila mjue mipaka yake. Sisi kila kazi ya kila usiku ikimaliza salama inagusa faili ya alama, na kompyuta nyingine hapa ofisini inatafuta alama zilizochakaa kupita saa 26:

```
find /var/kazi/alama -name '*.ok' -mmin +1560
```

Kazi ambayo haijawahi kumaliza hata mara moja haina alama, kwa hiyo amri hii haitaitaja. Na mkaguzi mwenyewe akifa, naye anakuwa kimya kama wengine. Ndiyo maana jina lake ni la kwanza kwenye karatasi.

Hapa simameni, muiteni mtaalamu

Mkiona katika logi maneno `I/O error`, au diski inajigeuza kuwa ya kusoma tu, msirudie kazi wala msiwashe upya mkitumaini itapona. Kila jaribio linaweza kuharibu kilichobaki. Nakilini bekapu nzuri ya mwisho kwenye mashine nyingine, zimeni, na mumwite fundi wa diski. Vivyo hivyo betri ya akiba ikivimba au ikitoa harufu: hewa ya chumvi ya huku hula viungo vya umeme, na hilo si la kufungua kwa bisibisi ya ofisini.

Mkikuta katika ratiba kazi ambayo haimo kwenye karatasi na hakuna kati yenu aliyeiweka, msiifute. Huenda kuna mtu ameingia, na mkifuta mnafuta nyayo zake. Tenganisheni seva na mtandao, iacheni ikiwaka, muite mtu wa usalama wa mifumo.

Kurudisha bekapu juu ya hifadhidata inayotumika kusifanywe na mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo kwenye ya majaribio.

Na kazi ya malipo iliyoganda katikati haianzishwi upya na mtu wa kompyuta peke yake. Huenda makarani watatu kati ya wanane wameshapokea M-Pesa, na kuanza upya kutawalipa tena. Izimeni ratiba yake kwanza ili isijianzishe usiku. Kisha mhasibu atoe taarifa ya akaunti ya siku hiyo, mkae naye, mtie alama jina kwa jina nani amelipwa na nani bado, na waliobaki walipwe kwa mkono. Ratiba irudishwe baada ya mhasibu kutia sahihi kwenye orodha hiyo.